Kompyuta ya mezani haiwaki: ivue ibaki mifupa, kisha mrudishe mshukiwa peke yake

Unabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini imebaki nyeusi. Au feni zinashtuka nusu sekunde na kutulia. Au nembo ya kampuni inatokea, halafu kila kitu kinaganda hapo hapo. Katika hali zote tatu kwa kawaida Windows au Linux haijaanza hata kusomwa, kwa hiyo kuiweka upya hakutabadilisha chochote. Tatizo liko kwenye vyuma. Njia ya kulipata bila kununua vipuri kwa kubahatisha ni kuipunguza mashine kipande kimoja kimoja, ukiiwasha kila baada ya kutoa kimoja, mpaka iwake au ibaki na vile visivyoondoleka.

Visivyoondoleka ni vichache kuliko wengi wanavyodhani: pawasaplai, mazabodi, prosesa pamoja na feni yake, kijiti kimoja cha ramu, na kitu cha kutoa picha. Hayo ndiyo mifupa. Diski haimo, kibodi haimo, kadi ya mtandao haimo. Mashine isiyo na diski hata moja inapaswa kuwaka, kujikagua, na kuandika kitu cha namna hii:

```
Reboot and Select proper Boot device
```

Anayeyaona maandishi hayo kwa mara ya kwanza hushtuka akadhani ameharibu zaidi. Kinyume chake, ndiyo habari njema: mifupa ni mizima kiasi cha kuwaka, na mbovu yuko miongoni mwa vile ulivyovitoa. Mashine nyingine hazitaandika hivyo, zitakufungulia moja kwa moja ukurasa wa BIOS, programu ya mwanzo iliyo ndani ya mazabodi. Maana yake ni ile ile.

Kabla ya kufungua kasha

Jua kwanza picha inatoka wapi. Prosesa nyingi za Intel zina uwezo wa picha ndani yake, ila zile ambazo namba yake inaishia na herufi F hazina. Kwa Ryzen za mezani zilizotangulia mfululizo wa 7000, kwa kawaida zenye herufi G ndizo zenye picha. Kama prosesa yako haina, kadi ya picha ni sehemu ya mifupa, na hutaweza kuitoa hatiani mpaka upate nyingine ya kujaribia. Kama inayo, kadi itatolewa na kebo ya monita itahamia kwenye tundu la nyuma ya mazabodi. Kadi ikiwa ndani, tundu hilo mara nyingi huwa limezimwa, kwa hiyo usilitumie kupima lolote kabla kadi haijatoka.

Pili, fikiria yatakayofuata mashine ikishapona. Ikiwa Windows imefunga diski kwa BitLocker, kuifuta mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya idai ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48. Utafute ufunguo huo kabla hujagusa betri ya mazabodi, maana kuitoa hufuta mipangilio hiyo. Na kama diski zilikuwa zimepangwa kwa `RAID`, kufuta mipangilio kunaweza kuirudisha mashine kwenye `AHCI`, namna nyingine ya kuzisoma diski, na Windows ikagoma kuanza kwa ujumbe wa `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`. Hapo watu huilaumu diski wakati imeguswa mipangilio tu.

Vifaa ni vichache: bisibisi ya msalaba namba 2, nyingine ndogo kwa skurubu ya diski ya M.2, simu ya kupigia picha kila waya kabla ya kuuchomoa, na karatasi. Ongeza na spika ndogo ya mazabodi, ile yenye plagi ya pini nne. Makasha mengi ya siku hizi hayaji nayo, na bila spika mashine inaweza kuwa inalia ikitaja tatizo lake, nawe husikii kitu.

Kila unapotaka kutoa au kurudisha kipande, utaratibu ni huu huu: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie sekunde 10, kisha gusa chuma kitupu cha kasha. Usiruke hatua ya kuchomoa. Mashine ikiwa imezimwa lakini waya umechomekwa, pawasaplai inaendelea kupeleka volti 5 za akiba kwenye mazabodi, na kuchomoa ramu au kadi katika hali hiyo kunaweza kuunguza kitu ambacho kilikuwa kizima. Kama mazabodi ina taa, subiri izimike. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme wa kudhuru.

Mpangilio wa kutoa

Anza na vya nje, maana havihitaji bisibisi. Chomoa kila kilichomo kwenye matundu ya USB: printa, kamera, flashi, hata kipanya. Acha waya wa umeme na kebo ya monita tu. Washa. Ikiwaka, umemaliza nusu ya kazi. Kifaa cha USB chenye shoti kinatosha kuizuia mashine nzima, na flashi iliyoharibika inaweza kuigandisha kwenye nembo.

Kisha fungua kasha, chomoa plagi za mbele: USB ya mbele, sauti, na waya wa swichi ya kuanzisha upya, ule ulioandikwa `RESET SW`. Waya huu husahaulika, na una ubaya wake. Swichi ya kuanzisha upya ikikwama ndani, mazabodi hubaki imeshikiliwa mwanzoni kabisa, feni zikizunguka na skrini ikiwa nyeusi, dalili ambazo huwezi kuzitofautisha na za prosesa mbovu. Ukiwa hapo, angalia pini za USB ya mbele. Zikipinda zikagusana, ni shoti tayari.

Swichi ya kuwashia nayo unaweza kuiweka pembeni. Chomoa waya wa `POWER SW`, kisha gusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi, kama sekunde moja. Mashine ikiwaka hivyo lakini isiwake kwa swichi ya kasha, tatizo ni swichi. Hakikisha tu ni pini hizo mbili zenyewe, kwa kutazama mchoro wa kitabu cha mazabodi. Pini za jirani zina kazi nyingine.

Sasa diski. Kila diski ya kawaida ina kebo mbili, ya data na ya umeme, na lazima zitoke zote mbili. Diski inayogandisha mashine kwenye nembo itaacha kuigandisha ukichomoa data peke yake, lakini diski yenye shoti itaendelea kuiangusha pawasaplai ilimradi plagi ya umeme ingali imechomekwa. Ndiyo maana aliyechomoa data tu huapa kwamba diski haihusiki. Toa moja, washa, andika kilichotokea, toa inayofuata. Diski za M.2 hazina kebo: legeza skurubu, kijiti kitainuka chenyewe kidogo, kisha kivute kwa mlalo ule ule.

Baada ya diski ni kadi ndogo, za mtandao, za sauti, za kurekodi. Kwenye sloti ndefu kuna klipu mwishoni inayoishika kadi. Ibonyeze kwanza ndipo uvute, la sivyo utaivunja.

Ramu ifuate. Bakiza kijiti kimoja, katika sloti iliyotajwa na kitabu cha mazabodi kwa kijiti cha peke yake. Kwenye mazabodi nyingi zenye sloti nne huwa ni ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, na mara nyingi huandikwa `A2`. Sukuma mpaka usikie mlio wa klipu. Kijiti kilichoingia upande mmoja ni chanzo cha kawaida mno cha skrini nyeusi. Mwisho, kadi ya picha, kama prosesa ina picha yake.

Kwenye ramu kuna mtego wa muda. Mashine za DDR5, zikihamishiwa ramu au kufutwa mipangilio, hutumia dakika kadhaa kuizoea ramu hiyo kabla ya kutoa picha, skrini ikiwa nyeusi muda wote huo. Mtu akizima baada ya sekunde 30 anaikatiza, na safari ijayo inaanza upya. Ipe hata dakika 10 kabla hujatoa hukumu.

Aliyetoka wa mwisho bado ni mshukiwa tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Umetoa kipande, mashine imewaka, basi kipande hicho kinatupwa. Lakini kutoa kipande kunabadilisha mambo matatu kwa mpigo: kipande chenyewe kimeondoka, kebo au sloti yake imebaki tupu, na mzigo wa pawasaplai umepungua. Lolote kati ya hayo linaweza kuwa ndilo lililoiponya mashine.

Kwa hiyo endelea kuvua mpaka ubaki na mifupa, halafu mrudishe mshukiwa peke yake. Ubovu ukirudi, mzigo si tatizo, kwa sababu mifupa na kipande kimoja ni mzigo mdogo. Usiporudi, rudisha vingine kimoja kimoja, na kama mashine inagoma kila inapofikia vipande vingi bila kujali ni kipi cha mwisho, ielekeze shaka kwenye pawasaplai. Baada ya hapo, mhamishe mshukiwa kwenye kebo nyingine au sloti nyingine. Ubovu ukimfuata, ndiye. Ukibaki kule kule alikotoka, yeye ni mzima.

Chukua mashine yenye vijiti viwili vya ramu, kadi ya picha, kadi ya mtandao, diski ya M.2 yenye Windows, diski kubwa ya inchi 3.5 na kisomeo cha DVD. Prosesa yake ina picha. Ukibonyeza swichi, feni zinashtuka, zinatulia, na kubonyeza tena hakufanyi lolote mpaka waya wa umeme uchomolewe kwa muda. Dalili hiyo inasema mengi. Pawasaplai imeona mkondo uliopita kiasi, imejifunga kujikinga, na haitajifungua mpaka ikose umeme kabisa. Unatafuta shoti.

Vya nje vinatoka, hali ni ile ile. Plagi za mbele, ile ile. Kisomeo cha DVD, ile ile. Diski ya inchi 3.5 inachomolewa data na umeme, kiunganishi cha umeme kikitoka pamoja nayo, mashine inawaka na Windows inafunguka. Kwa fundi mwenye haraka, diski imekufa, na faili zote zilizomo zimekwenda nayo.

Sasa mashine inavuliwa iliyobaki, inawashwa ikiwa mifupa, na inawaka. Diski inarudishwa peke yake kwenye plagi yake ile ile, na kiunganishi chake: feni zinashtuka, zinatulia. Basi mzigo si tatizo. Diski inahamishiwa, bila kiunganishi hicho, kwenye plagi ya umeme iliyokuwa ya kisomeo cha DVD, na mashine inawaka, diski ikisikika inazunguka. Ubovu haukumfuata mshukiwa. Plagi yake ya awali inatazamwa vizuri: ni kiunganishi cha kubadilisha plagi ya zamani yenye pini nne nene kuwa ya SATA, kile ambacho kichwa chake cha plastiki kimemiminiwa juu ya nyaya. Kinachomekwa kikiwa kitupu, bila diski, na pawasaplai inajifunga. Kikichomolewa na kupimwa kwa multimita, kati ya waya wa njano na mweusi ukinzani uko karibu na sifuri. Njano ni volti 12, mweusi ni ardhi, na ndani ya plastiki vimegusana.

Viunganishi vya kumiminiwa vinajulikana kwa hili, kwa kuwa nyaya ndani yake zimekaribiana mno na plastiki ikilegea kwa joto hakuna kinachozitenganisha. Vya kubanwa, ambavyo nyaya zake zimepita juu ya kichwa na kufunikwa kifuniko, ni salama zaidi. Na maadamu tuko kwenye kebo: usichukue kebo za pawasaplai moja ukazichomeka kwenye nyingine kwa sababu tu zinaingia. Upande wa pawasaplai hauna mpangilio mmoja wa pini kwa watengenezaji wote, na volti 12 ikifika mahali pa volti 5 inaunguza diski papo hapo.

Jambo moja dogo wakati wa kurudisha. Diski ikikosa kuonekana lakini mashine inawaka vizuri, fungua kitabu cha mazabodi kwanza. Kwenye mazabodi nyingi, kutumia sloti fulani ya M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA. Hakuna kilichoharibika. Hamisha kebo.

Ubovu unaokuja na kuondoka

Mashine inayogoma kila mara ni rahisi. Inayogoma siku nyingine na siku nyingine inawaka ndiyo inayodanganya, kwa sababu unatoa kipande, inawaka, unashangilia, kumbe ingewaka tu. Tuseme inagoma mara 1 katika kila 3. Uwezekano wa kuwaka mara 2 mfululizo kwa bahati tu, bila wewe kurekebisha lolote, ni karibu asilimia 44. Kuwaka mara 10 mfululizo kwa bahati ni chini ya asilimia 2. Kwa hiyo hesabu kwanza inagoma mara ngapi kabla hujagusa kitu, kisha kila hatua ijaribu mara 10. Inachosha, lakini karatasi yako itakuwa na ushahidi wa kweli. Na kama inagoma asubuhi tu ikiwa baridi, jaribio la mchana ikiwa moto halihesabiki.

Mifupa nayo ikigoma

Ikiwa umebaki na vile visivyoondoleka na bado ni giza, tazama kwanza plagi ya umeme wa prosesa, ile ya pini 4 au 8 iliyo kwenye kona ya juu ya mazabodi, mbali na ile kubwa ya pini 24. Isipochomekwa, feni huzunguka kama kawaida na picha haiji. Jaribu pia monita na kebo yake kwenye mashine nyingine.

Halafu futa mipangilio ya BIOS: waya wa umeme ukiwa nje, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5, au gusanisha pini za `CLR_CMOS` kama kitabu kinavyoelekeza. Badilisha kijiti cha ramu, kisha sloti yake.

Bado? Toa ramu zote, washa ukiwa na spika. Inaonekana kichekesho kuwasha mashine isiyo na ramu, lakini jaribio hili linagawa tatizo katikati. Milio ikisikika, prosesa inafanya kazi, imeisoma BIOS, ikatafuta ramu na kulalamika kwamba haipo. Hapo mwelekeo ni ramu au sloti zake. Spika ikinyamaza kabisa, tatizo liko chini zaidi: pawasaplai, mazabodi, prosesa, au BIOS yenyewe. Mazabodi zenye taa nne za `CPU`, `DRAM`, `VGA` na `BOOT` hukuambia hilo bila spika, kwa taa inayobaki imewaka. Kumbuka tu kwamba kwenye mifupa isiyo na diski taa ya `BOOT` inaweza kubaki imewaka, na hiyo si hitilafu.

Spika ikiwa imenyamaza, itoe mazabodi nje ya kasha na uilaze juu ya kadibodi kavu, pamoja na pawasaplai. Usiilaze juu ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa, kwani baadhi ya mifuko hiyo hupitisha umeme kwa nje. Ikiwaka nje na kugoma ndani, hesabu nguzo za skurubu zilizo kwenye kasha: nguzo iliyowekwa mahali ambapo mazabodi haina tundu inagusa nyaya zake kwa chini.

Pawasaplai inapimwa mashine ikiwa imewashwa, kwa kuingiza ncha za multimita nyuma ya plagi ya pini 24, mweusi kwenye waya wowote mweusi. Volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, pawasaplai ibadilishwe. Ndani ya hapo haijatoka hatiani bado, kwani multimita haioni kushuka kwa ghafla kunakodumu sehemu ndogo ya sekunde. Pawasaplai nyingine iliyo nzima ndiyo kipimo bora.

Ikibaki mazabodi na prosesa, ishuku mazabodi kwanza, maana prosesa hufa mara chache. Fungua soketi chini ya mwanga mkali uitazame kwa kuinamia pembeni: kwenye soketi ambazo pini ziko upande wa mazabodi, mistari ya pini inapaswa kung'aa sawasawa, na iliyopinda itaonekana kama doa jeusi katikati ya mstari. Soketi ikiwa safi, kinachoweza kuwatenganisha hao wawili ni kuichomeka prosesa kwenye mazabodi nyingine inayoikubali, yenye toleo la BIOS linaloitambua.